Wainuiti na Wayupiki: ngozi ya kahawia, jua hafifu, na vitamini D iliyotoka kwenye samaki

Mchunguzi_Bukoba

Wakuu, habari za jioni. Nina mada nimeifuatilia muda mrefu, naiweka hapa tuichambue.

Shuleni wengi tulifundishwa kanuni moja kuhusu rangi ya ngozi. Karibu na ikweta jua ni kali, melanini nyingi inakinga, ngozi inakuwa nyeusi. Ukisogea kaskazini jua linafifia, na ngozi inakuwa nyeupe ili ile miale michache ya urujuanimno ipenye na mwili utengeneze vitamini D. Ukiishika ramani ya dunia, kanuni hii inakubali sehemu nyingi sana. Ukifika Aktiki inagoma. Wainuiti wa Grinlandi na Kanada, pamoja na Wayupiki wa kusini-magharibi mwa Alaska, wana ngozi ya kahawia, wakati Wanorwei walioko latitudo hizohizo ni weupe kabisa. Nina Jablonski na George Chaplin walipochapisha mwaka 2000 kazi yao ya kulinganisha rangi za ngozi na nguvu ya miale ya jua, waliwataja Wainuiti kuwa ni watu wasioingia kwenye mstari. Walitoa sababu mbili: hawajakaa huko muda mrefu sana, na chakula chao kina vitamini D nyingi.

Tuchukue mfano wa mji wa Betheli, kwenye mto Kuskokwim huko Alaska, nchi ya Wayupiki. Uko karibu nyuzi 61 kaskazini. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua linakuwa limeinuka nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, na kivuli chako kinakuwa karibu mara 10 ya urefu wako. Miale inayotengeneza vitamini D, ile ya urujuanimno aina ya B, ikija kwa mshazari wa namna hiyo inapita kwenye tabaka nene mno la ozoni na inaishia huko juu. Mwanga unauona, ngozi haipati kitu. Kipimo cha haraka ambacho watu hutumia ni kivuli: kikiwa kirefu kukuzidi wewe mwenyewe, miale hiyo ni kidogo sana. Kwa Betheli, hata saa sita mchana kivuli kinakuwa kifupi kuliko mtu kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi karibu tarehe 9 Agosti tu.

Sasa ongeza nguo. Mtu wa kule alivaa koti la ngozi za wanyama kutoka kichwani hadi magotini, suruali ya ngozi, viatu vya ngozi ya sili. Kilichobaki wazi ni uso. Ukifikiria hivyo, hata angekuwa mweupe kama karatasi, ule uso peke yake usingemfikisha mbali. Hoja yangu ndiyo hiyo: kwa watu hawa njia ya ngozi ilikuwa karibu imefungwa, na vitamini D iliingia kwa njia ya mdomo, kupitia samaki na wanyama wa baharini. Nawasilisha, karibuni.

Jembe_la_Kale

Mkuu, mada nzuri ila umeipa samaki sifa ambayo si yake. Jibu liko kwenye muda. Mababu wa Wainuiti wa leo, wale wa utamaduni wa Thule, walitoka Alaska kuelekea mashariki kama miaka 1,000 iliyopita tu. Asili yao ni Asia. Ngozi haibadiliki kwa miaka 1,000. Wape miaka 10,000 utawaona weupe.

Pili, umesahau theluji. Theluji mpya inarudisha juu sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, si kama udongo au majani. Ndiyo maana watu hao walichonga miwani ya mbao na mifupa yenye ufa mwembamba, wasipofuke machi na aprili jua linaporudi. Mtu anayepofushwa na mwanga utasemaje hana jua? Kwangu mimi, miezi ya jua lisilozama pamoja na theluji inatosha kujaza ghala la mwaka mzima.

LisheBora_Moro

Jembe, kuhusu muda una haki nusu. Thule ni wa juzi, lakini watu wamekaa kaskazini ya Aktiki ya Amerika kwa miaka karibu 5,000, na mababu zao walikaa Siberia na Beringia, nchi kavu ya zamani iliyounganisha Siberia na Alaska, kabla ya hapo. Muda mfupi unaweza kueleza kwa nini ngozi haijabadilika. Haielezi kwa nini hawakuugua wakati wakisubiri ibadilike. Upungufu mkubwa wa vitamini D hausubiri miaka 1,000: mtoto anapata matege kabla ya kufikisha miaka miwili, na msichana mwenye matege nyonga zake zinabana, uzazi unakuwa wa hatari. Jamii ambayo wasichana wake wanakua hivyo haidumu vizazi vingi. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinawabeba tangu siku ya kwanza.

Miwani ya theluji ni ushahidi mzuri kwamba miale ilikuwepo majira ya kuchipua, hilo nakubali. Lakini ilifika kwenye uso na pengine mikono. Halafu ghala unalolisema lina kikomo. Ile vitamini D inayozunguka kwenye damu, ambayo ndiyo tunaipima, nusu yake inaisha ndani ya wiki mbili tatu hivi. Iliyoko kwenye mafuta ya mwili inasaidia kidogo kuivuta mbele, ila kutoka Septemba hadi Aprili ni mbali.

Sasa nije kwenye samaki, maana ndiyo kazi yangu. Neno "samaki" peke yake halitoshi. Kuna samaki wa mafuta na samaki ambaye nyama yake haina mafuta. Samoni wa porini, hasa yule mwekundu, gramu 100 zake zinakupa karibu maikrogramu 15 za vitamini D. Inatofautiana sana kati ya samaki na samaki, lakini ni kwenye kiasi hicho. Nyama ya kodi, samaki wa bahari za baridi, gramu 100, inakupa kama maikrogramu 1. Mahitaji ya mtu mzima yanayotajwa Marekani ni maikrogramu 15 kwa siku. Maana yake ni kwamba kipande kimoja cha samoni kinafunga hesabu, wakati kwa nyama ya kodi ungehitaji kilo moja na nusu kila siku. Kodi mafuta yake ameyaweka kwenye ini. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya ini la kodi kina maikrogramu zaidi ya 30. Vitamini D inafuata mafuta, popote samaki alipoyaweka.

MamaZawadi_Tromso

Nimefurahi kukuta uzi huu, maana unanihusu moja kwa moja. Mimi ni Mtanzania, naishi Tromso, kaskazini mwa Norwei, mwaka wa saba sasa. Huku kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Nilipokuwa mjamzito nilipimwa nikaambiwa vitamini D yangu iko chini sana, na niliyemwuliza sababu alinijibu kwa mkato kwamba "ni rangi yako", akanipa vidonge, basi. Nililia siku ile, nikajiona kama mwili wangu una kasoro.

Hapa wenyeji wakati wa baridi wanapika kodi pamoja na ini lake na mayai yake kwenye mlo mmoja. Mwanzoni sikuweza hata kunusa. Sasa nakula. Swali langu: kama Wainuiti weusi waliweza kwa samaki tu, mimi nikila hivyo naweza kuacha vidonge? Na mtoto wangu ana miezi mitano, ninanyonyesha, amepewa matone ya maikrogramu 10 kwa siku. Naye naweza kumwachisha matone nikila samaki wa kutosha mimi?

Kijana_wa_Mwanza

Kwa hiyo wakuu mnasema samaki wanafanya mtu awe mweupe? Mbona sisi huku tunakula sangara, sato na dagaa tangu tunazaliwa na tuko vilevile? Na je, sisi wenye jua na samaki pamoja, hizo vitamini hazituzidi mwilini?

LisheBora_Moro

Kijana, samaki hawabadilishi rangi ya mtu. Mchunguzi anasema kinyume cha hapo: samaki waliwaondolea watu wa Aktiki ile shinikizo la kubadilika. Kama vitamini inaingia kwa chakula, mwenye ngozi nyeupe hana faida kubwa juu ya mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo weusi unabaki. Na jua haliwezi kukuzidishia vitamini D. Ngozi ikishatengeneza kiasi fulani, jua lilelile linaanza kuivunja ile iliyozidi. Kinachoweza kuzidisha ni vidonge vya dozi kubwa, si ziwa Viktoria.

Dada wa Tromso, pole kwa jinsi ulivyojibiwa. Mwili wako hauna kasoro. Umehamia mahali ambapo njia yako ya kawaida ya kupata vitamini hii inafungwa miezi mingi, na hata weupe wa hapo wanapungukiwa wasipokula ini na samaki. Vidonge usiviache kwa kukisia. Endelea na mlo huo wa ini, ila mwambie anayekupima kwamba unakula, kwa sababu ini lina vitamini A nyingi pia, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha hilo ni jambo la kuhesabiwa. Upimwe tena mwishoni mwa baridi, Machi hivi, ndipo kiwango kinapokuwa chini kabisa. Kama ni nanomoli 50 kwa lita au zaidi, wengi huona inatosha.

Matone ya mtoto usiyaguse. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana hata mama akiwa mzima. Ili yawe ya kumtosha mtoto, mama mwenyewe anahitaji kiasi kikubwa mno kila siku. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 uliowapa akina mama maikrogramu 160 kwa siku ndipo maziwa yakatosha. Hiyo ni zaidi ya kilo moja ya samoni kila siku. Haiwezekani.

Mzee_wa_Pangani

Assalamu alaykum wanangu. Mimi nimevua maisha yangu yote, sasa napumzika. Nina mawili ya kuuliza.

La kwanza, samaki mwenyewe anaipata wapi hiyo vitamini? Mnasema ni ya jua, na samaki yuko chini ya maji, tena huko barafu juu. La pili, samaki wa mafuta akianikwa anachacha. Huku dagaa wenye mafuta tukichelewa kuwageuza siku mbili harufu inabadilika. Hao watu waliwekaje mafuta hayo miezi minane?

Mchunguzi_Bukoba

Shikamoo mzee. Maswali yako yote mawili ndiyo moyo wa jambo lenyewe.

Samaki hajianiki juani. Anaipata kwa kula. Viumbe vidogo vya planktoni vinavyoelea karibu na uso wa bahari vinapigwa na jua majira ya joto, na ndiko vitamini inakoanzia. Viduvi vidogo vinakula planktoni, samaki wadogo wanakula viduvi, heringi na samoni wanakula hao, sili naye anakula samaki, na kila anayekula anaiweka kwenye mafuta yake. Samoni anazunguka baharini mwaka hadi miaka mitano hivi akikusanya kabla ya kurudi mtoni. Kwa hiyo Myupiki anayekula samoni mwezi wa Januari anakula jua lililopiga bahari ya Pasifiki ya kaskazini miaka iliyopita.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Samoni mfalme wanaingia Kuskokwim kuanzia mwisho wa Mei na Juni, wakifuatwa na aina nyingine hadi Agosti. Familia zinahamia kambi za uvuvi kando ya mto. Mama anamkata samaki kwa uluaki, kisu cha mwezi nusu chenye mpini juu. Anatoa kichwa, anapasua pande mbili zikiwa zimeshikana mkiani, anatoa uti wa mgongo, halafu anachanja nyama kwa mistari ya kupitiliza mpaka kwenye ngozi bila kuikata ngozi. Ile michanjo inafunguka hewa ikipita, nyama inakauka haraka kabla nzi na unyevu havijafanya kazi. Wanawaninginiza kwenye vichanja vya miti panapopita upepo siku kadhaa, kisha wanaingia nyumba ya moshi, moto mdogo wa magogo mabichi, moshi wa ubaridi usiopika. Hali ya hewa kule Juni ni ya ubaridi, hicho ndicho wanachotuzidi mzee, jua lenu la Pangani lingeyachachisha mafuta kabla ya kukauka. Ikishakauka inakaa ghalani hadi baridi yenyewe ifanye kazi ya friji.

Vitamini D haiyeyuki kwenye maji na haiharibiki kirahisi kwa joto dogo, kwa hiyo maji yakitoka inabaki na mafuta. Nimepiga hesabu ya makadirio: kilo tatu za samoni mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Kipande kikavu cha gramu 50 ni sawa na gramu 150 mbichi, karibu maikrogramu 22. Toa theluthi kwa mafuta yaliyodondoka na kuharibika, unabakiwa na 15 hivi. Kipande hicho kinatafunwa kikiwa kimechovywa kwenye mafuta ya sili, ambayo nayo yana ya kwake. Na watu walikula zaidi ya kipande kimoja.

Ila kuna kitu kimoja nataka mkione: kukaanga kwenye mafuta mengi kunapunguza. Samoni aliyekaangwa kwenye mafuta ya mimea alikutwa amebakiwa na nusu ya vitamini, aliyeokwa ikabaki karibu yote. Waliokausha na kuchemsha hawakujua sababu, lakini njia yao ilikuwa salama kwa kitu hiki.

Jembe_la_Kale

Hesabu ni nzuri, lakini ni ya karatasini. Nionyesheni mahali ambapo samaki walipunguzwa na vitamini ikashuka, watu walewale, jua lilelile. Hapo nitakubali.

Mchunguzi_Bukoba

Hilo limefanyika, tena pale pale kwenye delta ya Yukon na Kuskokwim. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks walikuwa na shida moja: ukimwuliza mtu amekula samaki mara ngapi mwezi uliopita, anasahau, au anakujibu anachodhani unataka kusikia. Wakatumia naitrojeni. Kuna naitrojeni ya kawaida na ile nzito kidogo, na kila hatua ya kula na kuliwa baharini inaongeza ile nzito. Samoni na sili wako juu kwenye mnyororo huo, kuku na unga wa dukani wako chini. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120, kwa hiyo tone moja la damu linatunza kumbukumbu ya ulichokula kwa miezi mitatu minne, bila kukuuliza neno.

Walipolinganisha, wenye naitrojeni nzito zaidi walikuwa na vitamini D zaidi. Wazee walikuwa juu, vijana chini. Kwa kawaida inatakiwa kuwa kinyume, maana ngozi ya mzee inatengeneza kidogo kuliko ya kijana. Pale mzee anamzidi mjukuu wake kwa sababu mzee anakula samaki kavu na mjukuu anakula chipsi na soda za dukani.

Halafu kuna damu za zamani zilizohifadhiwa kwenye barafu ya maabara huko Alaska tangu miaka ya 1960. Zilipimwa za wanawake wa umri wa kuzaa, kutoka miaka ya 1960 hadi ya 1990. Alama ya chakula cha baharini inashuka, na vitamini D inashuka nayo. Grinlandi nao, waliolinganisha vipimo vya 1987 na vya 2005 hadi 2010 walikuta kushuka vilevile. Jua halikubadilika, ngozi haikubadilika. Na watoto wa wenyeji wa Alaska leo wanapata matege kuliko watoto wengine wa Marekani. Jembe, hapo ndipo ulipotaka tufike.

Jembe_la_Kale

Hapo nakubali kwamba samaki ndiyo walibeba. Lakini bado sijakubali kwamba samaki ndiyo sababu ngozi ilibaki kahawia. Hayo ni mambo mawili. Inawezekana chakula kiliwaweka hai, na rangi ikabaki kwa sababu ya muda mfupi tu, au kwa sababu ya hiyo miale ya theluji majira ya kuchipua, ambapo uso mweusi hauungui. Mmetenganisha vipi?

LisheBora_Moro

Hatujatenganisha, na sidhani kuna mtu aliyetenganisha vizuri. Uko sahihi kuyagawa mawili. Hata kisa cha Ulaya hakitusaidii moja kwa moja. Watu tunadhani Wazungu walipauka mara tu walipoondoka Afrika. Mtu wa La Brana huko Hispania, miaka kama 7,000 iliyopita, vinasaba vyake vinaonyesha ngozi nyeusi na macho ya buluu. Yule msichana wa kusini mwa Denmaki ambaye vinasaba vyake vilipatikana mwaka 2019 kwenye utomvu alioutafuna miaka 5,700 iliyopita, naye hivyohivyo. Wengi wanasema wawindaji wa Ulaya waliweza kubaki weusi kwa kula samaki, na weupe ukashika kasi kilimo kilipofika na nafaka zikachukua nafasi ya samaki. Inavutia, na inalingana na Wainuiti. Lakini kwenye utomvu wa yule msichana walikuta bata na kokwa za mti wa heseli, na wakulima waliokuja kutoka Anatolia walikuwa tayari na vinasaba vya weupe. Kwa hiyo sehemu ya weupe wa Ulaya ni watu kuhama, si chakula.

Na hata ndani ya Aktiki si wote walikaa pwani. Wanunamiuti wa milima ya Bruksi, kaskazini mwa Alaska, waliishi kwa kulungu wa theluji. Nyama yake ina vitamini D kidogo. Wao walibadilishana ngozi za kulungu na mafuta ya sili na nyangumi kutoka kwa ndugu zao wa pwani. Mafuta yalisafiri kwa kilomita nyingi kwenye mifuko ya ngozi. Kwa biashara kama hiyo, hata mtu asiyeona bahari aliipata.

MamaZawadi_Tromso

Ahsante daktari, nimekuelewa kuhusu vidonge na matone. Ila umeniachia swali. Kama maziwa ya mama hayatoshi na mtoto hali samaki, watoto wachanga wa Wainuiti waliishije kabla ya matone?

LisheBora_Moro

Mimi si daktari wa hospitali dada, ni mtu wa lishe, ila swali lako ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwanza mtoto anazaliwa na akiba aliyopewa tumboni. Mama mwenye vitamini nyingi anampa ya kumvusha wiki za mwanzo. Pili, akina mama wa kule walimtafunia mtoto chakula mapema, samaki na mafuta, wakampa mdomoni akiwa bado ananyonya. Tone la mafuta ya sili au kipande cha samoni kilichotafunwa kila siku si kidogo kwa mwili wa kilo sita.

Tatu kuna dhana iliyotolewa mwaka 2018 na watafiti wa meno, Leslea Hlusko na wenzake. Kuna kinasaba kinachoitwa EDAR, ambacho umbo lake moja linapatikana kwa wingi mno kwa watu wa Asia mashariki na wenyeji wa Amerika. Linafanya meno ya mbele yawe na umbo la koleo kwa nyuma, nywele ziwe nene, na pia linaongeza matawi ya mifereji ndani ya titi. Wao wanasema lilichaguliwa kwa nguvu kama miaka 20,000 iliyopita Beringia, kwa sababu lilisaidia mama kupitisha virutubisho zaidi, vitamini D ikiwemo, kwa mtoto. Matawi ya mifereji yameonekana kwa panya wa maabara. Kwamba maziwa ya wanawake wenye umbo hilo yana vitamini D zaidi, hilo ndilo bado linahitaji kupimwa.

Kuna na jambo la Grinlandi. Mwaka 2004 Wadenmaki walilinganisha watu wao na Wagrinlandi. Wagrinlandi wanaokula chakula cha kizungu walikuwa na vitamini D ya akiba kidogo, lakini ile iliyokwisha kugeuzwa na figo kuwa homoni ilikuwa juu kuliko ya Wadenmaki. Huenda mwili wao unabana matumizi vizuri zaidi. Lakini msije mkasema basi hawana tatizo. Miaka ya 1970 Wainuiti wa Alaska walipimwa mifupa, na wa umri wa zaidi ya miaka 40 mifupa yao ilikuwa imepungua kuliko ya Wamarekani weupe. Madini ya chokaa yalikuwa kidogo kwenye chakula chao, nyama nyingi. Vitamini D haijengi mfupa bila chokaa.

Mzee_wa_Pangani

Mmenijibu vizuri, Mungu awazidishie. Nina la mwisho. Mnasema ini la samaki ndiyo ghala. Sisi tunachemsha ini la papa tunapata mafuta, sifa, tunapaka majahazi yasiliwe na maji. Marehemu baba alikuwa akisema ukiyanywa utaumwa kichwa. Je, ni mafuta yaleyale ya hao wa baridi?

LisheBora_Moro

Shikamoo mzee. Si yaleyale. Ini la papa kwa aina nyingi lina vitamini A nyingi kupita kiasi, na wakati wa vita kuu ya pili papa walivuliwa sana pwani ya Kalifonia kwa ajili hiyo. Vitamini D yake inategemea aina ya papa, mara nyingi ni kidogo ukilinganisha na A. Kuumwa kichwa alikokusema marehemu ni dalili ya kwanza ya vitamini A kuzidi, zikifuatiwa na kichefuchefu na ngozi kubanduka. Wainuiti wenyewe hawagusi ini la dubu mweupe kwa sababu hiyohiyo, na mabaharia wa Kiholanzi waliokwama Novaya Zemlya mwaka 1597 walilila wakaugua, ngozi ikawatoka. Kwa hiyo kule kaskazini walichagua maini: la kodi ndiyo, la samaki wa mtoni afananaye na kodi ndiyo, la dubu hapana. Sifa yenu mzee ibaki kwenye jahazi.

Mchunguzi_Bukoba

Mzee, kama unakumbuka baba yako alitumia papa wa aina gani, niandikie hapa. Na dada wa Tromso, ukipimwa Machi tuambie imefika ngapi.